Ratiba yangu ya Kifaransa, jioni za wiki

Jumatatu, saa 2:30 hadi 3:00 usiku: maneno mapya 12, si zaidi. Kila neno naliandika ndani ya sentensi, kwa kuwa neno lililo peke yake halina pa kushika.

Jumanne, dakika 20: maneno yaleyale, kwa kadi. Hiki ndicho kipindi nisichokubali kukiruka hata nikichoka. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba mengi tunayojifunza husahaulika mapema sana, kisha kasi ya kusahau hupungua. Kwa hiyo narudia kesho yake, halafu Ijumaa, halafu wiki inayofuata. Najiuliza kwanza, ndipo nageuza kadi. Kulivuta neno kutoka kichwani ndiko kunakolikaza. Kulisoma tu kunanidanganya kwamba nalijua.

Jumatano: kusikiliza, nikiosha vyombo. Siku hiyo natoka kazini nimechelewa, na kichwa hakina nguvu ya sarufi. Kipande cha dakika 5, mara tatu, mara ya mwisho nikifuata maandishi.

Alhamisi: mapumziko.

Ijumaa, kadi kidogo, kisha saa 2:00 hadi 2:45 usiku mazungumzo ya simu na mwalimu, ili maneno yapate kazi. Nimemwomba asinikatize kwa kila kosa. Ayaandike, tuyapitie dakika 10 za mwisho.

Jumapili, dakika 40: sarufi, jambo moja tu. Jinsia za nomino zinanisumbua, maana ngeli zetu hazigawanyi vitu kuwa vya kike na vya kiume. Basi kila nomino naikariri pamoja na kibainishi chake, yaani un au une, kinachoonyesha jinsia yake.