Nakawa Iko Upande Ule

Basi la usiku kutoka Arua liliingia Kampala jua halijachomoza, likawamwaga abiria wake Arua Paki. Zaitun alishuka na begi la nguo, godoro lililoviringwa na kufungwa kamba, na simu iliyozimika tangu Karuma. Barua ya kujiunga na chuo cha biashara cha Nakawa ilikuwa ndani ya sidiria, kama shangazi alivyoagiza. Mjomba wake, polisi wa Naguru, alikuwa zamu asubuhi hiyo, kwa hiyo alimpa maelekezo jana yake kwa simu: toka Arua Paki kwa miguu, ulizia paki ya zamani, panda taksi ya Nakawa, ukiona Lugogo jiandae kushuka. Na boda usipande hata ukibebwa bure.

Maelekezo mazuri, ila ni ya mtu anayeijua njia.

Paki ya zamani hakuifikia. Karibu na uwanja wa Nakivubo mpiga debe mmoja alimpokonya godoro bila salamu, akalisukuma nyuma ya taksi nyeupe yenye mkanda wa buluu. "Nakawa?" aliuliza Zaitun, akimkimbilia. "Na...!" alijibu yule, na jina lililobaki likamezwa na honi. Kampala imejaa majina ya namna hiyo: Nakawa, Nateete, Nansana, Nakulabye, Namuwongo, Najjanankumbi. Kwa mgeni ambaye hajalala usiku kucha, yote ni jina moja. Na godoro lilishaingia. Mtu hufuata godoro lake.

Alikaa dirishani, akampa konda noti ya elfu kumi, konda akamrudishia elfu tano na kumwambia kwa mkono kwamba balansi inakuja. Taksi ikapita Katwe, ambako mafundi walikuwa tayari wanagonga milango ya chuma kando ya barabara. Ikazunguka pale Kibuye. Halafu zikaanza mbao: mbao zimeegemezwa ukutani, mbao juu ya mikokoteni, vijana wamejaa unga wa msumeno hadi kwenye kope. Ndeeba hiyo, lakini Zaitun hakujua. Alijua tu kwamba mjomba, mtu wa kueleza kila kitu mara mbili, hakutaja mbao.

Akamgeukia mzee aliyekaa kando yake na gazeti.

"Samahani mzee, Lugogo bado?"

Alisema Kiswahili kwa sababu Kiganda hakijui, Kilugbara kisingemsaidia, na Kiingereza cha shuleni hakimji haraka akiwa na hofu. Arua sokoni hakuna anayeshangaa: unanunua samaki kwa Kiswahili, unagombana kwa Kiswahili, Wakongo wa Ariwara wanashusha mizigo kwa Kiswahili. Ndani ya taksi ile, mazungumzo yalikatika. Mwanamke wa kiti cha mbele aligeuka, akamtazama viatu, kisha akageuka tena. Mzee alikunja gazeti mara nne, akaangalia nje kupitia dirisha ambalo halikuwa lake.

Tusimlaumu sana. Watu wa umri wake mjini hapa walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kati ya mwaka 1971 na 1979 na hata baadaye, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Leo ni lugha rasmi ya pili ya nchi, imeandikwa kwenye katiba tangu 2005, lakini katiba haifuti alichokisikia mtu akiwa amelala kifudifudi kwenye lami. Zaitun, aliyezaliwa baada ya hayo yote, alidhani amekosea salamu. Akaongeza "shikamoo". Mzee akateremka kituo kilichofuata.

Ndipo alipoanza kusoma mabango. Duka la dawa, Nateete. Saluni, Nateete. Vipuri vya pikipiki, Nateete. Kufika bango la nne machozi yalikuwa karibu. Taksi ikasimama, watu wakamwagika, konda akamtupia godoro chini na kupotea kwenye umati pamoja na balansi yake.

Alikalia godoro. Waendesha boda watatu walimzunguka, kila mmoja na bei yake, na bei zote zilipanda alipofungua mdomo.

"Muache mutoto!" sauti ilisema nyuma yao. "Weye, unaenda wapi?"

Alikuwa mama mnene mwenye rundo la vitenge begani na vingine kichwani, amevaa kitenge cha bei kuliko vyote anavyouza. Zaitun akamwambia: Nakawa, chuoni, usajili unaanza saa mbili.

"Nakawa?" Mama alicheka hadi vitenge vikatikisika. "Nakawa iko upande ule kabisa, kule jua linatokea. Uko natoka wapi?"

"Arua, mama."

"Arua ya karibu na Ariwara? Basi weye ni jirani. Miye ni wa Bunia." Akamteremshia rundo la begani mapajani kabla hajajibu. "Miye leo nauzia Banda, ni mbele kidogo ya Nakawa. Utanibebea hii, miye nitakuonyesha taksi. Godoro weka kichwani."

Hayo ndiyo yalikuwa masharti, wala hayakujadiliwa. Vitenge ni vizito kuliko vinavyoonekana. Walirudi mjini kwa taksi nyingine, wakateremka, wakavuka barabara ambayo magari hayasimami, Zaitun akiwa na godoro kichwani, begi mgongoni na vitenge kifuani, mama akitangulia na mkoba wake mdogo, akisalimia watu.

"Kwa nini hawakunijibu kule ndani?" aliuliza Zaitun walipoketi kwenye taksi ya Nakawa, ambayo safari hii aliithibitisha kwa dereva, kwa konda na kwa abiria wawili.

"Ukisema Kiswahili banafikiri uko soda, mutu wa bunduki. Ao bibi ya soda. Miye ilikuwa vile vile mwaka wa kwanza, banaficha mikoba." Mama alinyoosha miguu. "Sasa nauza zaidi kwa batu ba kambini. Bale banalipa."

Mataa ya barabara ya Jinja yakapita. Lugogo ikaja, kama mjomba alivyosema. Zaitun alikuwa amempa konda noti yake ya elfu tano akilipia mtu mmoja, elfu mbili, na konda sasa alikuwa ananing'inia mlangoni akiangalia mawingu, kama makonda wote wanaosubiri abiria asahau.

"Balansi," alisema Zaitun kwa sauti ndogo.

Konda hakusikia.

Akamkumbuka mjomba anavyoongea na watu wa lori kwenye kizuizi. Akakaa wima, akavuta pumzi.

"Wewe konda! Leta balansi yangu hapa! Sasa hivi!"

Redio ilipunguzwa. Dereva alitazama kioo. Konda aliingia ndani upesi, akahesabu elfu moja, mbili, tatu, akaziweka kwenye kiganja cha Zaitun kwa mikono miwili na kuinama kidogo.

Mama wa Bunia alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge, mabega yakicheka.

"Mutoto," alisema alipoweza, "na miye ananidai... hapana, miye namudai mia tano tangu juma lililopita. Muulizie na yangu."

"Na ya mama!" alisema Zaitun.

Nakawa wakateremka.