Treni ya umeme yafika Dodoma, wachuuzi wa Gairo na Dumila waachwa nje ya hesabu

DODOMA, Agosti 2024. Safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma, ambayo kwa basi hula siku nzima, sasa inamalizika kwa chini ya saa nne. Treni za abiria za reli ya kisasa, SGR, zilianza kwenda Morogoro Juni 14 mwaka huu, zikafika Dodoma Julai 25, na Agosti 1 Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua rasmi.

Nauli ya daraja la kawaida iliyoidhinishwa mwaka 2024 na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilikuwa shilingi 31,000 kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma na 13,000 hadi Morogoro. Anayeshukia Pugu alilipa 1,000, Kilosa 18,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 alilipa nusu, aliye chini ya hapo alisafiri bure. Kwa kilomita moja abiria wa treni alilipa shilingi 69.51, wakati kiwango cha basi la kawaida kilikuwa 48.47 na cha basi la daraja la kati 67.84. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo bado ana sababu ya kupanda basi. Anayehama haraka ni yule wa daraja la kati, mtumishi na mfanyabiashara, na huyo ndiye aliyekuwa akishuka njiani na kununua bila kuhesabu sana.

Reli hii imechelewa. Jiwe la msingi liliwekwa na Rais John Magufuli Aprili 2017, na kipande cha Dar es Salaam–Morogoro kilitakiwa kukamilika Novemba 2019. Mkataba wa kipande hicho ulikuwa wa dola bilioni 1.2, na wa Morogoro–Makutupora, kinachopitia Dodoma, dola bilioni 1.9. Vyote viwili vina kilomita 722 ukijumlisha njia za kupishania. Fedha za serikali zilianza kazi, kisha mwaka 2020 ukaja mkopo wa dola bilioni 1.46 ulioratibiwa na benki ya Standard Chartered.

Ramani ya njia inaeleza mengi kuhusu nani anaumia. Kutoka Ruvu reli inapita Ngerengere, si Chalinze. Baada ya Morogoro inashika Mkata, Kilosa, Kidete na Gulwe, ikiziacha mbali Dumila, Gairo na Kibaigwa. Miji hii imekuzwa na barabara. Basi likisimama abiria wachimbe dawa, papo hapo kuna mahindi ya kuchoma, chipsi, ndizi, maji baridi. Dumila abiria huondoka na nyanya na vitunguu vya kupeleka nyumbani. Treni haisimami huko, na hata inakosimama, vioo havifunguki.

Wachuuzi wa Gairo wanasema mabasi bado yanapita, ila viti vimepungua watu. Mamantilie mmoja anaeleza kuwa amepunguza wali anaoupika kwa sababu ukibaki, hasara ni yake peke yake. Katika stendi ya Msamvu mjini Morogoro, wapiga debe, ambao hulipwa kwa kila kichwa wanachokiingiza ndani ya basi, wanalalamikia foleni ya wateja iliyohamia stesheni. Dereva na kondakta hawako salama zaidi yao: wengi hawana mikataba ya maandishi, na basi likiegeshwa, posho yao ya safari inakoma siku hiyohiyo.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka kwa anayetwaliwa ardhi, ikiwamo posho ya usumbufu na faida iliyopotea. Mwenye shamba lililopitiwa na reli anayo pa kudai. Muuza ndizi wa Dumila hakutwaliwa hata hatua moja ya ardhi; kilichoondoka ni mteja, na mteja hamo katika sheria hiyo. Ninaunga mkono reli hii kwa moyo wote, lakini mradi wa mabilioni ya dola ungeweza kutenga meza za biashara kwa wachuuzi hawa katika stesheni za Kilosa na Morogoro, kwa ushuru wanaoumudu, kabla treni ya kwanza haijaondoka.

Stesheni, kwa upande wake, zimeleta kazi kwa bodaboda na bajaji, ingawa kijana wa Gairo hawezi kuzifikia kila asubuhi.

Hadi Agosti 2024 treni za mizigo zilikuwa bado hazijaanza. Nazo zikishika kasi, madereva wa malori, mafundi wa matairi na wenye nyumba za wageni kando ya barabara hiyohiyo ndio watakaofuata kupoteza wateja. Ujenzi wa kuelekea Tabora, Mwanza na Kigoma unaendelea, na Manyoni, mji mwingine unaolishwa na magari ya njiani, uko mbele ya Makutupora. Halmashauri yake ina muda wa kujipanga ambao Gairo haikuupata.