Ujumbe wa Sauti: Namna ya Kumeza Dawa Mseto ya Malaria

Shikamoo, mama. Mimi ni muuguzi wa zahanati uliyopimwa leo hapa Igombe. Huna haja ya kusoma maandishi ya pakiti; sikiliza tu, na umwite wa nyumbani mmoja asikilize pamoja nawe.

Dawa yako ni vidonge 24, na kila mara unameza vinne. Vinne vya kwanza umevimeza mbele yangu saa mbili asubuhi. Vinne vya pili utameza leo leo, saa kumi jioni, yaani muda wa saa nane tangu umeze vya kwanza. Usisubiri usiku, kwani hapa ndipo wengi hukosea. Kesho meza vinne saa mbili asubuhi na vinne saa mbili usiku, na keshokutwa vivyo hivyo, mpaka pakiti iishe.

Kula kwanza, hata kama hamu haipo: ugali na sangara aliyekaangwa, au kikombe cha maziwa, kwa sababu mafuta husaidia mwili kuipokea dawa. Ukitapika kabla ya muda wa saa moja kupita tangu umeze, meza vinne vingine, kisha uje tukuongezee vilivyopungua.

Homa ikishuka kesho, tafadhali usimwekee mtoto vilivyobaki. Ukitapika kila kitu, ukichanganyikiwa au ukipata degedege, uletwe mara moja, hata usiku.

Narudia, mama: leo saa kumi jioni, kula, kisha meza vidonge vinne.