Kazi ya kufuatilia PR: iende mara ngapi, na ujumbe umfikie nani

Majibu haya ni kwa timu ya `malipo-api`, Dar es Salaam, kuhusu kazi ya GitHub Actions inayotafuta PR zilizosahaulika na kuwakumbusha wanaohusika.

Inaenda saa ngapi?

Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2:17 asubuhi na saa 8:17 mchana.

```yaml
on:
  schedule:
    - cron: '17 5,11 * * 1-5'
```

Saa za kwenye cron ni za UTC, saa tatu nyuma yetu. Dakika ya 17 imewekwa makusudi: kila saa inapoanza, foleni ya GitHub Actions hujaa na kazi za ratiba huchelewa.

Mbona isiwe kila dakika 5? GitHub si inaruhusu?

Inaruhusu, na chini ya hapo haishuki. Lakini mkaguzi akiombwa, GitHub yenyewe humwarifu papo hapo. Kazi hii inatafuta PR zilizosahaulika, na PR haisahauliki ndani ya dakika 5. Mtu akikumbushwa kutwa nzima atazima sauti, halafu hata ujumbe wa maana hatauona.

Nani anapata ujumbe?

Yule ambaye PR inamsubiri, basi. Ikikaa zaidi ya siku moja ya kazi bila kukaguliwa, mkaguzi aliyeombwa anaandikiwa binafsi kwenye Slack. Kama mabadiliko yaliombwa, anaandikiwa mwandishi. Rasimu hazihesabiwi. Ujumbe unakuwa hivi:

> PR #412, "Zuia malipo kukatwa mara mbili", inakusubiri tangu juzi mchana. Mistari 38, majaribio yamepita.

Idadi ya mistari tumeiweka kwa sababu mtu akiona 38 anaifungua hapo hapo.

Chaneli ya timu inapata PR zisizo na mkaguzi kabisa. Kiongozi wa timu anapata zilizopitisha siku tatu, asubuhi tu. Wasimamizi wa mradi waliomba nakala. Tumekataa, maana orodha hii ingegeuka kuwa ya kupimia watu.

Kazi yenyewe ikifeli, nani atajua?

Hapa ndipo penye mtego. Taarifa ya hitilafu ya kazi ya ratiba humwendea aliyebadilisha mstari wa cron mara ya mwisho. Akiwa likizo, au ameshahamia timu nyingine, wengine mtaona kimya na kudhani hakuna PR iliyokwama. Kwa hiyo kuna hatua ya mwisho yenye `if: failure()` inayomwandikia aliye zamu. Tena kila Jumatatu asubuhi aliye zamu anapata ujumbe hata orodha ikiwa tupu. Asipoupata hadi saa 3, afungue ukurasa wa Actions aangalie.

Wiki ya kutoa toleo tuongeze mara?

Hapana. Anayehitaji orodha aiendeshe kwa mkono, `workflow_dispatch` imeshawekwa:

```
gh workflow run fuatilia-pr.yml
```

Ukigusa cron kwa ajili ya wiki moja, barua pepe za hitilafu zitaanza kukujia wewe.