Insha ya mtihani: Kwa nini Jamhuri ya Roma iliangukia mikononi mwa mtu mmoja

Swali: "Tamaa ya Julio Kaisari ndiyo iliyoiua Jamhuri ya Roma." Jadili.

Kaisari alipovuka mto Rubikoni, mpaka wa Italia ambao jemadari hakuruhusiwa kuuvuka na jeshi, Januari 49 K.K., siasa za Roma zilikuwa zimeshazoea damu kwa zaidi ya miaka 80. Kwamba alikuwa na tamaa sikatai. Lakini wenye tamaa walikuwapo Roma tangu zamani, na kwa karne nyingi walidhibitiwa: makonsuli, wakuu wa dola, walikuwa wawili, walitawala mwaka mmoja tu, na kila mmoja aliweza kumzuia mwenzake. La kueleza ni kwa nini kamba hizo zilikatika. Jibu langu ni ardhi, na ukaidi wa Seneti, baraza la wenye mashamba makubwa, iliyokataa kuigawa.

Askari wa Roma hapo awali alikuwa mkulima mwenye shamba lake. Vita vya ng'ambo vilimweka mbali miaka mingi, na huku nyumbani matajiri wakipanua mashamba yao kwa nguvu za watumwa walioletwa na vita hivyo hivyo. Mwaka 133 K.K. Tiberio Grako, tribuni wa watu, yaani afisa aliyechaguliwa kuwatetea raia wa kawaida, alipitisha sheria kwamba mtu asishike zaidi ya jugera 500 za ardhi ya umma, yaani kama hekta 125, na ziada wapewe maskini. Naye hakuwa na mikono safi: tribuni mwenzake alipoipinga sheria, alimfanya aondolewe madarakani kwa kura ya wananchi. Majibu ya maseneta, hata hivyo, yalipita mpaka. Wakiongozwa na kuhani mkuu, walivunja mabenchi na kumuua kwa vipande vyake pamoja na wafuasi wapatao 300, kisha maiti zikatupwa mtoni Tiberi. Tribuni alikuwa mtu ambaye kwa sheria na kwa dini haguswi. Waliojiita walinzi wa jamhuri ndio waliofundisha kwamba hoja inaweza kujibiwa kwa rungu.

Mwaka 107 K.K. konsuli Mario akaandikisha jeshini hata watu wasio na mali yoyote. Hatua hiyo iliziba upungufu wa askari, ila iliacha swali: mtu huyu akistaafu atakula nini? Serikali haikuwa na jibu. Jemadari alikuwa nalo. Ndiyo maana mwaka 88 K.K., konsuli Sula aliponyang'anywa uongozi wa vita vya Mashariki, vita vyenye nyara nono, maofisa wake wakuu wote isipokuwa mmoja walikataa kuandamana naye dhidi ya mji wao, lakini askari wa kawaida walimfuata. Waliwapiga mawe hadi kufa wajumbe waliokuja kuwachukua, wakaingia Roma wakiwa na silaha. Kwangu mimi hapa ndipo jamhuri ilipovunjika mgongo. Kaisari alikuwa bado mtoto wa miaka kama 12.

Hata baada ya hapo nafasi ya kutengeneza mambo ilipatikana. Mwaka 62 K.K. jemadari Pompeyo alirudi kutoka Mashariki na, kinyume cha hofu ya wengi, akalivunja jeshi lake. Aliomba askari wake wapewe mashamba. Seneti ikapiga danadana karibu miaka miwili. Hapo akaungana na Kaisari na tajiri Kraso, na Kaisari alipokuwa konsuli mwaka 59 K.K. ardhi ikatoka kwa mabavu: konsuli mwenzake, Bibulo, alipojaribu kuzuia alimwagiwa mavi hadharani, naye akajifungia nyumbani hadi muhula ukaisha. Ile kamba ya makonsuli wawili ikawa imekatika mchana kweupe.

Kama tamaa ya Kaisari ndiyo ingekuwa ugonjwa wenyewe, basi kuuawa kwake tarehe 15 Machi 44 K.K. kungeiponya Roma. Haikuwa hivyo. Mrithi wake Oktaviano, kijana wa miaka 18 ambaye hakuwa amewahi kushika cheo cha kuchaguliwa, alikusanya askari wastaafu wa Kaisari kwa kuahidi kila mmoja dinari 500. Mwaka uliofuata aliwatuma Senetini kudai apewe ukonsuli. Inasimuliwa kwamba maseneta waliposita, akida mmoja aligusa upanga wake akasema, huu utampa kama ninyi hamtampa. Ukonsuli akaupata.

Mwaka 31 K.K. alimshinda mpinzani wake Antonio katika vita vya Aktio, na mwaka 27 K.K. akapewa jina la Augusto, ndiye Kaisari Augusto tunayemsoma katika Injili ya Luka. Seneti aliiacha iendelee kukutana. Na mwaka 6 B.K. akaanzisha hazina maalumu ya kuwalipa askari wastaafu, iliyochangiwa na kodi ya mirathi, wengi wa waliotozwa wakiwa matajiri wa tabaka lile lile lililomnyima Pompeyo mashamba ya askari wake.