Bomoabomoa au Kuboresha Makazi: Mpangaji Yuko Wapi Kwenye Hesabu?

Swali: Chukulia wewe ni mshauri wa halmashauri. Kuna makazi holela kando ya korongo, Kata ya Unga Limited, Arusha. Je, wakazi waondolewe kwa nguvu au makazi yaboreshwe hapo hapo? Pima haki, gharama na maslahi ya kisiasa.

Jibu

Nimepanga Unga Limited miaka minne, kwenye uwanja wenye vyumba vinane na choo kimoja. Mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele, vingine saba ni vya wapangaji, kila kimoja 40,000 kwa mwezi. Ukuta wa upande wa korongo una X nyekundu iliyopauka. Masika inakuja inapita, X ipo. Tangu ichorwe, mwenye nyumba hajaziba hata ufa. Nani atie saruji kwenye ukuta uliokwisha kuhukumiwa? Kwa hiyo gharama ya bomoabomoa inaanza kulipwa siku rangi inapopakwa, kabla tingatinga halijafika.

Ushauri wangu ni kuboresha. Lakini sikubaliani na wanaolijibu swali hili kana kwamba mtaa una wenye nyumba tu.

Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali ya mtu na kutaka fidia ya haki anaponyang'anywa. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za fidia za 2001 zinaongeza posho ya usumbufu, ya usafiri, na posho ya makazi, yaani kodi ya soko mara miezi 36. Kwa uwanja wetu, kama mthamini ataikadiria nyumba nzima kwa kodi hiyo hiyo: 8 × 40,000 × 36 = shilingi 11,520,000, mbali na thamani ya nyumba. Hesabu hiyo inamlenga mwenye nyumba. Jirani yangu anayepika chapati mlangoni angeweza kudai faida aliyopoteza, nayo huhesabiwa kwa miezi 36, ila hana daftari wala hesabu zilizokaguliwa. Atabeba jiko lake na watoto, ahamie korongo jingine. Hapo ndipo bomoabomoa inapoonekana rahisi: gharama imehamishiwa kwa mtu asiyeandikwa popote.

Watasema hawa ni wavamizi, hawana cha kudai. Ni kweli kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Lakini nyumba nyingi zilijengwa kabla ya hapo, na wenyewe walionyeshwa mipaka na viongozi wa mtaa. Isitoshe, Tanzania ilijiunga mwaka 1976 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni. Kamati yake ilifafanua mwaka 1997 kwamba watu washirikishwe, wapewe notisi ya kutosha, na wasiachwe bila makazi. Hilo linamhusu hata asiye na hati.

Nchi hii imeshajaribu kubomoa. Miaka ya 1960 Shirika la Nyumba la Taifa lilivunja nyumba duni Dar es Salaam na kujenga mpya, fedha nyingi zikaishia kuziba pengo la nyumba zilizovunjwa. Miaka ya 1970 serikali ikageukia viwanja vyenye huduma na uboreshaji, Manzese ikiwemo.

Kwa nini basi bomoabomoa hairudi kaburini? Kwa sababu inaonekana. Tingatinga linafanya kazi asubuhi moja, picha zinapigwa, mwekezaji anaona eneo tupu. Mtaro wa majitaka unachukua miaka na ukikamilika umefukiwa. Na urasimishaji nao una siasa yake: hati inaahidiwa kila uchaguzi, kwa kuwa mkazi mwenye wasiwasi ni mkazi anayehitaji mtetezi. Leseni ya makazi, isiyozidi miaka mitano, inaliacha jambo hilo hilo wazi.

Uboreshaji pia una hatari, na sitaificha. Ikija lami na maji, kodi inapanda. Kodi ya 40,000 ikiwa 70,000, jirani yangu ataondoka vilevile, safari hii bila tingatinga.

Napendekeza hivi. Kabla ya upimaji, mwenyekiti wa mtaa na wajumbe waorodheshe kila chumba na kila anayelala humo, mpangaji akiwemo, na orodha ibandikwe ofisi ya mtaa watu waikosoe. Fedha za kwanza ziende kwenye mitaro, njia ya gari la zimamoto na la kunyonya majitaka. Mwenye nyumba anayefaidika na kazi hiyo asaini kutopandisha kodi kwa miaka mitatu. Nyumba zilizo ukingoni kabisa, ambako udongo unamomonyoka kila masika, zihamishwe. Ni hatari kwa maisha. Lakini zihamishwe hadi umbali wa kutembea kwa miguu kufika sokoni na viwandani, viwanja na posho zikiwa tayari kabla ya kuvunjwa hata bati moja, na wapangaji wapewe nauli na kodi ya miezi sita.

X zote zilizobaki zifutwe kwa barua yenye tarehe na muhuri.