Sheria ya Mwenendo wa Madai: Swali la Pili (alama 25)

Muuza mbao alimshtaki fundi seremala akidai mambo mawili: salio la bei ya mbao lililotajwa kwenye ankara, na fidia ya jumla kwa hasara ya biashara. Samansi ilitoka tarehe 3 Machi. Kiapo cha mpeleka samansi kinasema hivi, na hakisemi zaidi:

"Tarehe 6 Machi nilifika nyumbani kwa mdaiwa. Nilimkuta mtu mzima, nikamkabidhi samansi na hati ya madai. Alipokea lakini akakataa kusaini."

Utetezi haukuwasilishwa. Asubuhi ya tarehe 27 Machi, kwa ombi la mdai, mahakama ilitoa hukumu ya mwisho kwa madai yote mawili bila kusikiliza ushahidi wowote.

Tarehe 2 Juni dalali wa mahakama alikamata randa ya umeme ya fundi. Tarehe 19 Juni fundi aliomba hukumu itenguliwe na ukazaji wake usimamishwe. Anaapa kuwa alikuwa safarini kuanzia tarehe 4 hadi 20 Machi (ameambatisha tiketi), na kwamba aliyepokea ni mpangaji wa chumba cha uani. Bahasha aliikuta chini ya mkeka tarehe 22 Machi, akampigia mdai simu, naye akamjibu, "Hayo tutayamaliza wenyewe." Rasimu yake ya utetezi inakiri nusu ya salio, nusu nyingine anaikataa kwa kuwa mbao zililiwa na bungua, akazirudisha. Hati ya kurudisha mzigo, yenye saini ya mtunza ghala wa mdai, imeambatishwa.

Katika kiapo kinzani mdai anakana simu hiyo. Kuhusu saini ya mtunza ghala amekaa kimya.

Kanuni za kutumia: mdaiwa hukabidhiwa samansi mwenyewe, asipopatikana baada ya juhudi za kweli, hupewa mtu mzima wa familia anayeishi naye. Kiapo kitaje muda, mahali, namna, na aliyemtambulisha mpokeaji. Utetezi huwasilishwa ndani ya siku 21 tangu kupokea, siku ya kupokea haihesabiwi. Mahakama yaweza kutengua hukumu kwa masharti inayoona ni ya haki.

(a) Je, samansi ilifika kisheria? Kujua kesi ipo kunaziba pengo la kukabidhiwa? (alama 7)

(b) Hata kama ilifika, onyesha kasoro mbili za hukumu yenyewe. Kalenda itakusaidia. (alama 5)

(c) Wewe ndiye hakimu. Andika uamuzi, ukieleza kama hukumu inatenguliwa kwa haki ya mdaiwa au kwa hiari ya mahakama, uzito wa siku 17 za Juni, nusu iliyokiriwa ifanywe nini, gharama ziwe za nani, na randa iende wapi. (alama 13)

Usituandikie historia ya haki ya kusikilizwa, tunaijua. Atakayeandika "maombi yanakubaliwa" bila kutaja masharti, au sababu ya kutoyaweka, hatavuka alama 6 katika (c).